Je, wajua kwa nini jina uliloandika juu ya fishi linajiandika pia ukurasa wa pili?

"Nina fishi ya PDF ya kuandikisha wanafunzi, lakini ukibofya juu yake haikubali kitu. Nimewahi kuona nyingine: naandika jina la mtoto mara moja, linajitokeza lenyewe ukurasa wa pili. Inafanyikaje, na yangu naweza kuigeuza iwe hivyo?"

Ndani ya PDF inayojazika kuna matabaka mawili. La chini ni wino: maneno, mistari, nembo ya shule. Ule mstari mrefu ulio mbele ya "Komini", kwa kompyuta si mahali pa kuandikia, ni mchoro tu kama mchoro mwingine wowote. Ndiyo maana fishi yako haikubali kitu. Tabaka la juu ni visanduku visivyo na rangi, vilivyolazwa juu ya wino pale mtu anapotakiwa kujibu. PDF imekuwa na uwezo huo tangu toleo lake la 1.2, mwaka 1996. Kwa hiyo fishi yako haina kasoro, imekosa tabaka la juu tu, na hilo unaweza kulilaza wewe mwenyewe.

Kila kisanduku kina mahali pake, aina yake na jina lake. Hilo jina anayejaza halioni, lakini jibu linatunzwa chini yake. Visanduku viwili vikiitwa `jina_mwanafunzi`, PDF inavihesabu kuwa kitu kimoja kinachoonekana sehemu mbili. Ukiandika kwenye kimoja, cha pili kinaonyesha yale yale, kwa sababu jibu lenyewe ni moja. Hapo ndipo siri ya fishi uliyoiona.

Sasa tuitengeneze. Nachukua fishi niliyoisaidia shule moja ya Katuba, hapa Lubumbashi: kurasa mbili, majina matatu ya mtoto kama tunavyoyaandika Kongo, komini anakokaa, kama ni mvulana au msichana, na nyaraka alizoleta. Nilitumia LibreOffice, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Ukifungulia PDF ndani yake, inafunguka katika Draw, sehemu yake ya kuchorea. Kwanza linganisha na fishi ya asili, maana kama mwandiko uliotumika haumo katika kompyuta yako, Draw inaweka mwingine na maneno yanasogea. Kama una faili ya Writer au ya Word iliyozaa ile PDF, anzia huko, utapumua.

Fungua upau wa `Form Controls`, washa `Design Mode`, kisha chora `Text Box` juu ya mstari wa jina. Bofya mara mbili juu yake, mali zake zinafunguka. Mstari wa `Name` utakuta umeshaandikwa kitu kama Text Box 1. Futa, andika `jina_mwanafunzi`. Usiruke hatua hii hata kama una haraka, maana baada ya visanduku ishirini hutajua tena kipi ni kipi. Ukurasa wa pili, pale jina linaporudi, chora kisanduku kingine na ukipe jina lile lile, herufi kwa herufi.

Kwa komini, maandishi huru yalikuwa yanatuletea tabu. Mzazi mmoja anaandika Ruashi, mwingine Rwashi, wa tatu "Com. Ruashi", na sekretari anapohesabu watoto anapata komini tatu mahali pa moja. Dawa yake ni orodha inayofunguka. Chora `List Box`, na kwenye mali zake weka `Dropdown` kuwa `Yes`. Katika `List entries` andika komini saba za Lubumbashi, kila moja mstari wake, ukishuka mstari kwa Shift+Enter: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi, Ruashi. Lakini juu kabisa weka mstari wa "Chagua", na uufanye ndio uliochaguliwa tangu mwanzo. Ukiacha Annexe ikae ya kwanza imechaguliwa, kila mzazi aliyesahau swali hilo atahesabiwa kuwa mkazi wa Annexe, na hakuna mtu atakayegundua. Kuna pia `Combo Box`, inayofanana na hii kwa macho, ila inamruhusu mtu kuandika jibu lake mwenyewe. Kwa komini hiyo inaturudisha kwenye tabu ile ile.

Visanduku vya tiki, `Check Box`, ni vya maswali yenye majibu mengi kwa pamoja: cheti cha kuzaliwa, buleteni ya mwaka jana, picha. Kila nyaraka na kisanduku chake, na jina lake tofauti. Kwa mvulana au msichana usivitumie, maana vyote viwili vinaweza kutiwa tiki. Hapo unachora vitufe vya duara, `Option Button`, na kuvipa `Group name` moja. Ukigusa kimoja, kingine kinazimika.

Sasa kuhifadhi, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza kazi yao. Usichapishe kwenda PDF. Kuchapisha kunabandika kila kitu kuwa wino, na unarudi pale ulipoanzia. Pitia `Export as PDF`, hakikisha `Create PDF form` ina tiki, kisha chini yake utie tiki `Allow duplicate field names`. Ukiisahau hii ya pili, LibreOffice inavipa visanduku vyenye jina moja majina tofauti kimyakimya. Fishi itafunguka vizuri, itajazika vizuri, ila jina la mtoto halitafika ukurasa wa pili.

Kabla ya kuituma, ifungue katika Firefox na uandike majina matatu marefu kuliko yote unayoyajua. Kama mwisho wake unajificha, ukichapishwa utakatika pia: punguza ukubwa wa herufi au refusha kisanduku. Kisha bonyeza Tab kuanzia juu. Mshale ukiruka kutoka jina kwenda nyaraka ndipo urudi komini, rekebisha `Tab order`, maana mzazi anayejaza haraka atapitwa na swali.

Mwenye pdftk, programu ndogo inayosoma visanduku vya PDF, anaweza kuchungulia ndani kwa amri moja:

```
pdftk fishi.pdf dump_data_fields_utf8
```

Katika fishi iliyorudi imejazwa, sehemu ya komini inatoka hivi, pamoja na mistari mingine:

```
FieldType: Choice
FieldName: komini
FieldValue: Ruashi
```

Amri ikinyamaza bila kutoa kisanduku hata kimoja, faili hiyo ni wino mtupu.

Kuna mpaka mmoja ambao wazazi wataugusa siku ya kwanza. Wengi wataifungulia fishi ndani ya WhatsApp, na pale inaonyeshwa tu, haijazwi. Watakuambia haifanyi kazi. Waandikie katika ujumbe ule ule unaobeba faili: ihifadhi kwanza kwenye simu, ifungue na Acrobat Reader, ambayo ni ya bure, jaza, hifadhi, kisha urudishe faili yenyewe. Akikutumia picha ya skrini, macho yako yatasoma jibu, lakini visanduku havimo na pdftk haitapata kitu cha kusoma.