Muvingi avareji haitabiri kitu, inasoma bei zilizopita

Kuanzia Mtwara mjini mpaka Masasi, siku hizi kila kundi la WhatsApp la vijana wa foreksi lina mtu anaeandika "MA zimekatizana, soko linaenda kushuka", na watu wanajibu kwa vidole gumba na kuingiza oda. Tatizo langu ni hilo neno "linaenda". Nimelisikia mpaka kwa mjomba mmoja wa Newala ambae wala hana akaunti ya foreksi, yeye alikua anaongelea korosho, krosova imesema bei inakwenda kushuka. Sasa jamani, krosova haijasema hivyo. Haina uwezo wa kusema hivyo hata ukiiomba.

Maana yenyewe ni fupi. Unachukua bei za kufunga za siku 20 zilizopita, unajumlisha, unagawa kwa 20, unaweka nukta kwenye chati. Kesho unatupa ile ya zamani kabisa, unaingiza ya kesho, unagawa tena. Ukiunganisha nukta unapata mstari, ndo muvingi avareji ya 20, kwa kifupi MA ya 20. Krosova ni pale mstari wa siku chache, tuseme 5, unapokatiza mstari wa siku nyingi, tuseme 20. Wa 5 ukipita chini wanaita signo ya kuuza, ukipita juu wanaita ya kununua. Basi, hapo hamna uchawi wowote.

Ila angalia ndani ya hiyo hesabu kuna nini. Bei ya leo ni moja kati ya 20. Zile 19 zingine zimeshapita, na ukitafuta umri wa wastani wa bei zote zilizomo (leo umri 0, jana 1, mpaka ya mwisho 19) unapata siku 9 na nusu. Kwa hiyo bei ikiwa inapanda au kushuka kwa mwendo ule ule, mstari unakuonyesha ilipokua siku 9 na nusu nyuma. Kanuni yake ni `(n - 1) / 2`, weka n yako. Kwa MA ya 200 ni karibu siku 100 za soko, yani kama miezi mitano hivi. Huo uchelewaji haujatokana na simu yako wala broka wako wala bando kuisha, umo kwenye kugawa kwenyewe. Ni sawa na basi lililotoka Mtwara likasimama Mnazi Mmoja abiria wale, ukipiga hesabu ya wastani wa spidi tangu stendi utaambiwa bado linakimbia.

Tuchukue namba za kubuni tuone krosova inatokea lini hasa. Bei imepanda pointi 1 kila siku kwa muda mrefu mpaka ikafika 120, hapo ndo kilele. Kuanzia kesho yake inashuka pointi 1 kila siku: 119, 118, 117, hivyo hivyo. Soko limegeuka, hakuna soko linalogeuka wazi kuliko hili.

Siku ya 7 baada ya kilele bei ni 113. MA ya 5 iko 115, MA ya 20 iko 114.7, bado ya 5 iko juu, signo hamna. Siku ya 8 bei ni 112, MA ya 5 ni 114, MA ya 20 ni 114.9. Hapo ndo zimekatizana. Yani "soko linaenda kushuka" inaandikwa kwenye kundi soko likiwa limeshashuka pointi 8, na aliyeingia kuuza ameingia 112, sio 120.

Sasa kuna kitu kwenye hizo namba watu wengi hawakioni. Rudia kusoma MA ya 20: siku ya 7 ilikua 114.7, siku ya 8 ikawa 114.9. Imepanda! Bei inashuka siku nane mfululizo na mstari wa 20 bado unapanda, na utaendelea mpaka ufike 115, ukae hapo siku ya 9 na ya 10, ndo siku ya 11 uanze kuinama. Kwa nini? Kwa sababu mstari hauulizi bei ya leo ni ndogo kuliko ya jana au vipi. Unauliza bei inayoingia ni kubwa au ndogo kuliko inayotoka. Siku ya 8 imeingia 112, ikatoka ile ya siku 20 nyuma ambayo ilikua 108, tofauti ni 4, gawa kwa 20 unapata 0.2, mstari umepanda 0.2. Ndo maana wakati mwingine MA inageuka siku ambayo sokoni hakuna kilichotokea kabisa, ni bei fulani kubwa ya zamani imedondoka nje ya hesabu. Halafu mtu anakuja na stori kwamba wazungu wameanza kuuza.

Hapa huwa anatokea mjuaji mmoja, "tumia EMA mzee, haichelewi". Inachelewa. EMA inaipa bei ya leo uzito zaidi, kwenye 20 inaipa kama asilimia 9 na nusu badala ya 5:

```
EMA_leo = EMA_jana + 2/(n+1) * (bei_leo - EMA_jana)
```

lakini kwa upande wa pili haitupi bei ya zamani kabisa, inazibeba zote kwa uzito unaopungua pungua, na ukipiga umri wa wastani wa mzigo wake wote unapata siku 9 na nusu zile zile. Kwenye mwendo ulionyooka EMA ya 20 na MA ya kawaida ya 20 ziko nyuma ya bei kwa umbali ule ule. Faida ya EMA inaonekana kwenye kona: kwenye mfano wetu EMA ya 20 inaanza kuinama siku ya 7, wakati ya kawaida mpaka siku ya 11. Ni nafuu, sikatai, ila siku ya 7 bei iko 113 sio 120. Na ukifupisha siku, uweke 3 na 8 ili uwahi, utawahi kweli, na kila soko likikaa halipandi wala halishuki mistari yako itakatizana juu chini juu chini, kila mara unakatwa spredi. Kuwahi na kutulia huwezi kuvipata vyote, ukivuta kimoja kingine kinapungua.

Mfano wa kweli ili msiseme nabuni tu. S&P 500 ya Marekani, kile kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 za kule, mwaka 2020 ule wa korona. Kilele kilikua Februari 19, ikafunga 3,386. Ikaanguka mpaka 2,237 Machi 23, na huo ndo ulikua mwisho wa kuanguka. MA ya 50 ikapita chini ya MA ya 200, wenyewe wanaita msalaba wa kifo, Machi 30. Wiki moja baada ya soko kugusa chini! Siku hiyo ilifunga kama 2,627. Krosova ya kurudi juu, msalaba wa dhahabu, ikaja mapema Julai bei ikiwa karibu 3,150. Aliyefuata signo zote mbili kauza 2,627 kanunua tena 3,150, ghali kwa asilimia 20 hivi, na hesabu ya mistari haikukosea hata desimali moja. Ilikua inasema ukweli kuhusu siku 50 na siku 200 zilizopita.

Na tusiionee. Desemba 2007 msalaba huo huo ulitokea S&P ikiwa karibu 1,480, kilele kilikua Oktoba, 1,565, kwa hiyo ilichelewa vile vile, zaidi ya miezi miwili. Lakini soko liliendelea kushuka mpaka Machi 2009 likafika 676. Uchelewaji ulikuwepo, safari ndo ilikua ndefu. Krosova inalipa pale mwendo unapodumu kuliko kuchelewa kwake, na kama mwendo utadumu au hautadumu, hilo mistari haijui.

Turudi kwa mjomba na korosho zake. Korosho zetu zinakwenda ghalani kupitia AMCOS, halafu zinauzwa kwa mnada na vyama vikuu, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na huku Mtwara, na wa Lindi wana vyao. Bei haitoki kila dakika kama kwenye simu, inatoka mnada kwa mnada. Chukulia mnada ni mmoja kwa wiki, MA ya minada 10 iko nyuma kwa minada minne na nusu, yani zaidi ya mwezi, na msimu wenyewe unaanza Oktoba na ukifika Januari mzigo mkubwa umeshaondoka. Ikifika siku mistari inakatizana, gunia za mjomba zilishauzwa zamani. Ukijumlisha na za msimu uliopita ili upate namba nyingi, hapo unachanganya mavuno mawili tofauti na wanunuzi tofauti, huo wastani sijui ni wa nini.

Kuna na hawa wanaouza signo kwa kupost picha ambayo mistari imegeuka kileleni kabisa, hadi unatamani. Kwenye programu ya chati ya MT5 ukiweka muvingi avareji kuna sehemu imeandikwa `Shift`. Ukiweka namba hasi mchoro mzima unasogea kushoto, kwa MA ya 20 weka `-10` uone, inakaa juu ya bei kama imechorwa na malaika. Hesabu ni ile ile, imesogezwa tu kurudi kwenye siku ambazo ilikua haijajulikana bado. Kuikamata ni rahisi, angalia mwisho wa chati kulia: mstari unaishia mishumaa 10 kabla ya mshumaa wa mwisho. Kama picha imekatwa upande wa kulia, mwombe akutumie nzima.

Na wale wa kuingia oda mshumaa haujafunga, hiyo krosova unayoiona saa hizi inaweza isiwepo ukifunga, kwa sababu bei ya "leo" kwenye hesabu bado inabadilika.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kwenye makundi, endeleeni kupost krosova, sina ugomvi nazo. Naomba tu badala ya "MA zimekatizana, soko linaenda kushuka" muandike "MA ya 5 imepita chini ya MA ya 20 jana kwenye kufunga, bei ikiwa 112, kutoka kilele cha 120". Mtu akiona hiyo 120 pembeni ya 112 atajiamulia mwenyewe kama bado kuna cha kuuza.