Ndoo sio nyota ya maji, na dekani haikuhamishi nyota

Watu wakisikia Ndoo wanajua tu hapo ni maji, kwa hiyo mtu wa Februari anaambiwa we una machozi ya karibu. Jina ndo linawadanganya. Kwenye unajimu Ndoo ni nyota ya upepo, iko kundi moja na Mapacha na Mizani, yule kwenye mchoro anamwaga maji lakini yeye mwenyewe sio maji. Za maji ni Kaa, Nge na Samaki, basi.

Halafu kuna wale wanaosema upepo maana yake kigeugeu. Hapo wamechanganya asili na mwendo. Asili ni nne, mwendo ni aina tatu tu: nyota zinazoanzisha, zilizo thabiti na za kugeuka. Mizani inaanzisha, Jua likiingia pale kwenye Septemba 23 ndo msimu unabadilika kule kaskazini, Ndoo ni thabiti maana inakaa katikati ya msimu, Mapacha iko mwishoni ndo inageuka. Kwa hiyo anayesomwa kama mtu wa Ndoo ana mawazo kibao, ila akishaling'ang'ania moja humtoi (hizi ni kanuni za kusomea lakini, sio kwamba sayansi imezithibitisha).

Sasa dekani. Kila nyota ina digrii 30, unaikata vipande vitatu vya digrii kumi kumi, kila kipande ndo dekani, kwa nyota zote 12 jumla 36, na kuna mtindo unaokipa kila kipande nyota ya asili ileile. Utamsikia mtu, "mimi dekani ya pili ya Ndoo, kwa hiyo mimi ni Mapacha." Hapana bwana. Bado ni Ndoo, Mapacha anaongeza ladha tu. Na angalia kitu ambacho wengi hawakioni: kwa mtindo huu vipande vya Ndoo vinapewa Ndoo yenyewe, Mapacha na Mizani, zote za upepo, yani asili haiguswi kabisa, kinacholegea ni ule uthabiti. Wa kipande cha pili anasomwa kama mbishi anayebadili mada, wa tatu mbishi anayeanza kwa kukubembeleza.

Wengine wanadhani mtindo ni mmoja. Upo mwingine wa zamani unaogawa vipande kwa sayari, na kwa Ndoo unatoa Zuhura, Zebaki, Mwezi. Aliyezaliwa Februari 5, Jua liko kama digrii 16, mitindo yote miwili inampa Zebaki maana ndo inatawala Mapacha. Wa Februari 14, digrii kama 25, mmoja unampa Mizani na Zuhura wake, mwingine Mwezi, kwa hiyo akisoma sehemu mbili tofauti asishangae, aulize kwanza wametumia upi.

Na msikariri tarehe, Jua linatembea kama digrii moja kwa siku na halianzi saa ileile kila mwaka, mtu wa Januari 30 anaweza kuwa dekani ya kwanza na mwenzie wa tarehe hiyohiyo mwaka mwingine akawa ya pili.