Je, wajua? LAP na SPL kwenye stopuwochi si kitu kimoja

Swali: Stopuwochi yangu inaonyesha LAP na SPL, namba mbili tofauti kwa mkimbiaji huyo huyo mmoja. Tofauti yake ni nini, na kwenye rilei ya 4x400 nisome ipi?

SPL, kifupi cha spliti, inahesabu toka bastola ilipolia, hata ukibonyeza mara kumi yenyewe haianzi upya. LAP inahesabu toka pale ulipobonyeza mara ya mwisho. Ukishika hilo mengine yote yanatokana na hapo, ila kwenye rilei kuna mtego ambao umewaponza wengi, mimi mmojawapo, ntaueleza huko mbele.

Tuanze na mtu mmoja kwanza. Tarehe 9 Agosti 2012 kwenye Olimpiki ya London, David Rudisha alikimbia mita 800 kwa 1:40.91, rekodi ya dunia. Alipokata mstari kumaliza mzunguko wa kwanza saa ilisoma 49.28. Ungekuwa umeshika stopuwochi ukabonyeza pale, LAP na SPL zingekuwa sawa kabisa, zote 49.28, maana kabla ya hapo hujabonyeza chochote. Sasa anamaliza mbio: SPL inasoma 1:40.91, LAP inasoma 51.63. Hiyo 51.63 ni hesabu ya kutoa tu, 100.91 toa 49.28, saa inakufanyia yenyewe. Ukiangalia SPL peke yake unajua kashinda kwa muda gani, ukiangalia LAP ndo unaona kwamba mzunguko wa pili ulikuwa mzito kwa sekunde mbili na kitu, na hicho ndo kocha anachotaka kujua.

Kwa hiyo watu wanasema basi LAP ndo ya mazoezini. Hapana, inategemea una watu wangapi. Kama una mwanariadha mmoja anapiga mizunguko mitano mfululizo, LAP ni sawa, unaona 72, 73, 73, 75, 77, unajua ameanza kuchoka wapi. Lakini ukiwa na kundi la watu watano wanakimbia mita 400 pamoja na wewe una saa moja, unabonyeza kila mmoja anapokata mstari, LAP itakuletea vitu vya ajabu: wa kwanza 64.2, wa pili 0.8, wa tatu 1.5, wa nne 0.4. Hizo ni nafasi kati ya mtu na mtu, sio muda wao. Hapo muda wa kila mtu uko kwenye SPL: 64.2, 65.0, 66.5, 66.9. Nimeona kijana kaandika 0.8 kwenye daftari halafu jioni hajui ni ya nini.

Na kitu kingine kabla ya rilei. Zile saa za bei nafuu, hasa za mkononi zenye kioo kidogo cha mstari mmoja, hazihifadhi kitu. Ukibonyeza SPL kioo kinaganda ili usome, huku ndani saa inaendelea kuhesabu, na ukibonyeza tena kioo kinaachia tu, hakinasi muda mpya. Maana yake ukisahau kuachia baada ya kijiti cha kwanza, ule wa pili unabonyeza kwa nguvu zote na hakuna kilichorekodiwa, saa imerudi tu kuhesabu. Kwa rilei tafuta saa yenye kumbukumbu, ile unayoweza kurudi nyuma baadaye ukasoma muda mmoja mmoja.

Sasa rilei. Hapa mkanganyiko wa kwanza ni wa maneno, maana watu wa riadha wakisema "spliti ya fulani" wanamaanisha muda wake yeye peke yake na kijiti, yaani kile ambacho saa inakiita LAP. Saa na wanariadha wanatumia neno moja kwa vitu viwili. Kwa hiyo mtu akikuuliza spliti ya mkimbiaji wa tatu, usimsomee SPL.

Angalia mfano wa kweli, Stuttgart, tarehe 22 Agosti 1993, fainali ya mashindano ya dunia. Marekani waliweka rekodi ya dunia ya 4x400, 2:54.29. Alianza Andrew Valmon, akafuata Quincy Watts, halafu Butch Reynolds, akamalizia Michael Johnson. Muda wa kila mmoja ulikuwa 44.43, 43.59, 43.36 na 42.91. Hizo ndo LAP. SPL kila kijiti kinapobadilisha mkono zingekuwa 44.43, halafu 1:28.02, halafu 2:11.38, na mwisho 2:54.29. Jumlisha zile nne za kwanza utaona zinafika pale pale, na hii ndo njia ya kujua kama karatasi yako iko sawa, LAP zote zikijumlishwa lazima zitoe SPL ya mwisho, zikigoma kuna namba umeinakili vibaya.

Sasa tazama ile 42.91 ya Johnson. Wakati ule rekodi ya dunia ya mita 400 ilikuwa 43.29, na mwenye rekodi ni huyo huyo Reynolds aliyemkabidhi kijiti! Kumbe Johnson kakimbia haraka kuliko rekodi na haikuhesabiwa, na ni haki kabisa. Mkimbiaji wa kwanza peke yake ndo anayetoka kwenye bloku, anasubiri bastola, anaisikia, anajisukuma toka sifuri. Wa pili mpaka wa nne wanapokea kijiti wakiwa tayari wameanza kukimbia, na saa yao inaanza wakiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo usimlinganishe wa kwanza na wa tatu ukasema wa tatu ni mkali kwa sababu kamzidi nusu sekunde, hiyo nusu sekunde inaweza kuwa ni bloku tu. Muda bora wa Johnson akianzia kwenye bloku ulikuja kuwa 43.18, mwaka 1999 kule Seville, bado ni polepole kuliko kile kijiti cha Stuttgart.

Ule mtego niliosema ni huu: unabonyezea wapi?

Watu wengi tunasimama kwenye mstari wa kumalizia na tunabonyeza kijiti kinapopita mbele yetu (fuata kijiti, sio mtu, maana eneo la kupokezana lina mita 20 na mstari uko katikati, kuna wanaokabidhiana kabla ya mstari na wengine baada). Kwa kubadilishana kwa pili na kwa tatu hapo ni sahihi. Kwa kubadilishana kwa kwanza ni sahihi kwa leni ya kwanza tu. Kwenye 4x400 ya kawaida timu zinabaki kwenye leni zao kwa kona tatu, zile mbili za mkimbiaji wa kwanza na ya kwanza ya mkimbiaji wa pili, halafu ndo wanaruhusiwa kuingia ndani. Leni za nje kona zao ni ndefu, kwa hiyo zinasogezwa mbele mwanzoni kufidia kona zote tatu. Mkimbiaji wa kwanza akishamaliza mita 400 zake kamili ametumia fidia ya kona mbili tu, ile ya kona ya tatu bado, kwa hiyo yeye anamalizia MBELE ya mstari wa kumalizia, pale pale ambapo leni yake inaanzia mbio za mita 800. Leni ya pili ni kama mita tatu na nusu mbele, leni ya sita ni kama mita 19, leni ya nane inakaribia mita 27.

Mimi hili lilinikuta kwenye mashindano ya shule, timu yetu ilipangiwa leni ya sita. Nimesimama kwenye mstari wa kumalizia kama kawaida, kijana wa kwanza anapita, nabonyeza, 53.7. Nikafurahi sana maana hajawahi kukimbia hivyo hata siku moja. Wa pili akaleta 58.2, nikamsema kwamba ameiangusha timu. Wiki ile ile nikataka kumtoa. Kumbe mzazi mmoja alichukua video ya mbio nzima, tukakaa tukahesabu kijiti kilipofika kwenye alama sahihi ya leni ya sita: wa kwanza alikuwa 56.5, wa pili 55.4. Ukijumlisha 53.7 na 58.2 unapata 1:51.9, ukijumlisha 56.5 na 55.4 unapata 1:51.9 hiyo hiyo. SPL ya kubadilishana kwa pili ilikuwa sahihi muda wote, ni LAP mbili tu zilizogawana vibaya, sekunde 2.8 za mtu mmoja nilimpa mwenzake. Nilimwomba kijana radhi, na bado naumia nikikumbuka sura yake.

Dalili ilikuwepo, mimi ndo sikuitazama. Mkimbiaji wa kwanza anatoka kwenye bloku kama anavyotoka kwenye mbio zake mwenyewe, kwa hiyo akikuletea muda unaozidi bora yake kwa sekunde mbili tatu, na wa pili papo hapo akawa mbaya kwa kiasi kile kile, usiamini. Ni alama ya mstari. Kabla mbio hazijaanza tembea mpaka kwenye leni ya timu yako uone kubadilishana kwa kwanza kunafanyikia wapi, simama sambamba na katikati ya eneo hilo, ubonyeze pale, halafu rudi kwenye mstari wa kumalizia, una karibu dakika nzima.

Kosa la kidole nalo linafanya kazi kwa namna hiyo hiyo ila dogo. Ukichelewa kubonyeza kwa 0.3 kijiti kinapotoka kwa wa pili kwenda kwa wa tatu, wa pili anaongezewa 0.3 na wa tatu anapunguziwa 0.3, kwa hiyo tofauti kati yao imepotoka kwa 0.6, wakati SPL zinazofuata hazijaguswa kabisa. Na ukisahau kubonyeza kabisa, LAP inayofuata inameza watu wawili, lakini SPL inabaki ya kweli. Ndo maana mimi saivi uwanjani naandika SPL tu, namba nne kwa timu, na kutoa nafanya nyumbani kwa kalamu nikiwa nimetulia, huku pembeni nimeandika tulikuwa leni ya ngapi.