Mboni si tundu la kuzibwa kwa wino

"Fundi, hapo weka nyeusi tu, yaishe." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu, na huyo wa tatu alikuwa ameshaweka mwenyewe kwenye simu. Ni picha ya mkesha wa harusi: bibi yake amekaa mkekani, mjukuu mapajani, flashi imewapiga usoni, mboni zikawaka wekundu. Sasa macho yao yote manne yana vidoti vyeusi tii kama vifungo vya koti. Bibi wa watu kageuka mdoli.

Mboni haiwi nyeusi kabisa pichani, hata kama imepigwa gizani. Ndani yake kuna nuru kidogo, na ukingo wake unayeyukia kwenye rangi ya jicho. Tena kuna nukta nyeupe, ambayo ni flashi yenyewe inayoakisiwa na konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Nukta hiyo ndiyo inayokufanya uone kwamba bibi anakutazama. Ukipaka wino unaifuta, na ukingo unaukata kama kwa mkasi.

Wengine wanajiona wajanja, wanaondoa wekundu peke yake. Sasa mboni inabaki na mwanga uleule ila umekuwa wa kijivu, macho kama ya samaki wa jana. Kuondoa rangi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kushusha mwanga.

Nilimwomba picha ya awali, ile ambayo hajaigusa. Nikaifungua kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nikarudufu leya, nikakuza hadi 400%. Mboni ya bibi ilikuwa na upana wa pikseli 22 hivi. Nikaiteua kwa duara, nikaiacha nje ile nukta nyeupe, na ukingo nikaulainisha kwa `Feather` ya pikseli 2. Kisha `Desaturate`, halafu nikashusha mwanga kwa `Curves`. Kipimo changu ni kope: weusi wa mboni usizidi weusi wa kope za mtu huyohuyo. Kwa bibi mwanga ulishuka hadi kama 30 kati ya 255, nikaishia hapo. Jicho moja la mjukuu nukta yake ilikuwa imemezwa na mng'ao, nikaichora upya kwa brashi laini ya pikseli 3, mahali palepale ilipokaa kwenye jicho la pili. Mwisho nikarudi 100%, kwa sababu hakuna atakayeitazama picha ya bibi yake kwa 400%. Kazi ya dakika kumi.

"Si kuna kitufe cha red-eye, kinatoa chenyewe?" Kipo, ila kinatafuta wekundu. Mwanga wa flashi huingia kwenye mboni iliyopanuka, ukagonga nyuma ya jicho penye mishipa ya damu, ukarudi umekuwa mwekundu. Mwenye macho meusi ana rangi asilia nyingi huko nyuma, inameza sehemu ya mwanga huo, kwa hiyo mara nyingi kwetu hutoka rangi ya chungwa iliyofifia au dhahabu. Kitufe kinapita bila kuona kitu. Ukiichezea `Threshold` kabla ya kuteua macho, kinakula wekundu wa midomo na kanga. Na paka aliyejibanza pembeni ya mkeka usimjaribie kabisa: yeye ana kioo nyuma ya jicho, anawaka kijani au njano.

Wanaosema bibi kapandisha mashetani nawajibu kwa ufupi: flashi ilikuwa imeshikana na lenzi, basi. Na kurudi nyuma hakusaidii, kunazidisha, maana pembe kati ya flashi na lenzi inazidi kuwa nyembamba. Sogea karibu, au washa taa ya chumba mboni zisinyae.

Halafu jamani, mkinitumia picha kwa ujumbe wa simu chagueni `Document`. Picha ikibanwa, rangi hupotea zaidi kuliko mwanga, na wekundu unavuja hadi kwenye kope. Hapo duara langu halina pa kushika.

Jambo moja tu silifuti upesi: mtoto mdogo ambaye jicho moja limewaka jeupe na la pili jekundu kama kawaida. Huenda alikuwa anatazama pembeni kidogo na flashi ikagonga pale unapoanzia mshipa wa fahamu wa jicho. Lakini weupe huo unaweza pia kuwa mtoto wa jicho, au retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata hasa watoto walio chini ya miaka 5. Naomba picha zake nyingine za flashi. Hata zisipoonyesha kitu, namrudishia mama picha ikiwa haijaguswa na kumwambia ampeleke mtoto kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, aende nayo ilivyo.