Manukato yajaze stoo, chupa zije asubuhi: venye viwanda vinachanganya jasti-in-taimu na akiba

Tangu meli zianze kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, karibu kila kiwanda ninachoingia hapa Industrial Area kinaniuliza swali moja, tuendelee na jasti-in-taimu ama turudi kujaza stoo kama zamani? Jasti-in-taimu ni mzigo kufika ukiwa karibu kutumika, stoki kidogo, pesa haijalala. Upande ule mwingine, jasti-in-keisi, ni kuweka akiba juu hujui kesho kutatokea nini. Mimi kazi yangu ni kupanga stoki na maoni yangu ni kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya. Hakuna kiwanda kizima cha jasti-in-taimu. Kuna kitu kimoja kimoja, na kila kitu kina jibu lake.

Toyota wenyewe, ambao ndio walioleta huu mtindo, walifika hapo zamani. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin pale Kariya kilishika moto, na Aisin ndio walikuwa wanatengeneza karibu valvu zote za breki za aina fulani ambazo Toyota ilikuwa inatumia, kitu kidogo tu cha bei ya chini, lakini Toyota ilikuwa na stoki ya masaa machache na laini zikasimama. Halafu mwaka 2011 tetemeko kubwa la Japani likasimamisha kiwanda cha chipu cha Renesas pale Naka. Baada ya hapo Toyota haikuacha mtindo wake, ilichofanya ni kupekua saplaya wa saplaya wake mpaka chini kabisa, ikatoa vile vitu ambavyo vikikatika haviwezi kurudi haraka, na kwa chipu ikawataka saplaya wawe na akiba ya miezi 2 hadi 6 kulingana na muda wa kuagiza. Ndio maana mwanzoni mwa 2021 wakati kampuni zingine za magari zinafunga laini kwa kukosa chipu, Toyota ilikuwa bado inapiga kazi. Haikudumu milele, kufikia Septemba 2021 hata wao walikata uzalishaji vibaya baada ya korona kufunga viwanda vya saplaya Asia Kusini Mashariki. Akiba inakununulia muda tu, na huo muda una mwisho.

Sasa tuje nyumbani. Chukua kiwanda kinachotengeneza sabuni ya maji, chupa za nusu lita 10,000 kwa siku, siku saba kwa wiki. Nimepiga namba ziwe mviringo ili ufuate kirahisi, lakini ndio sura ya viwanda vingi ambavyo nimefanya navyo kazi. Nataka tuangalie vitu viwili pekee, chupa tupu na manukato. Chupa zinapulizwa hapa hapa Nairobi, saplaya yuko nusu saa kwa lori siku ya jam ndogo. Manukato yanatoka Ulaya kwa meli, yanaingia Mombasa, yanapanda hadi Nairobi. Kiwanda kinatumia kilo 20 kwa siku, na kilo moja tuseme ni shilingi 2,500.

Watu wa fedha wakipanga stoki kwa thamani, kilo ya manukato ndio ghali kuliko kila kitu kwa stoo, kwa hivyo wanasema ipunguzwe iwe kidogo kabisa. Chupa nazo ni bei rahisi, kwa hivyo jaza. Hapo ndio kosa kubwa linafanyika, na nimeliona mara nyingi sana. Chupa 300,000 za mwezi mmoja ni kama kontena tatu ama nne za futi 40, na karibu zote ni hewa. Unalipia godauni kuhifadhi hewa, zinashika vumbi, zinabondeka, na saplaya angekuletea kesho asubuhi. Manukato ya mwezi mzima ni kilo 600, yaani madramu matatu ya kilo 200 kwenye kona moja ya stoo. Na yakiisha, hakuna sabuni, hata ukiwa na chupa milioni.

Kwa hivyo ukitaka kujua kitu gani kiwekwe akiba, acha kuangalia bei kwanza. Jiulize kikikatika leo laini inasimama baada ya siku ngapi, na kinarudi baada ya siku ngapi. Kama kurudi kunachukua muda mrefu kuliko stoki uliyo nayo, hapo ndio shida yako iko.

Baada ya hapo ndio unauliza akiba iwe ngapi. Wengi wanakadiria kwa hofu, mwaka wa shida wanaongeza mara mbili, mwaka wa amani wanakata nusu. Fomula ipo na inaingia kwa Excel mstari mmoja. Kabla ya shida ya Bahari ya Shamu, tuseme oda ya manukato ilichukua siku 45 kwa wastani, na kuyumba kwake, ule mkengeuko sanifu, kulikuwa siku 5. Matumizi ni kilo 20 kwa siku na yanayumba kwa kilo 5. Ukitaka oda 95 kati ya 100 zifike kabla hujaishiwa, unatumia 1.65, na ile 5 ya kwanza ni ya kilo, ya pili ni ya siku:

```
=1.65*SQRT(45*5^2 + 20^2*5^2)
```

Inakupa kama kilo 174. Sasa tuseme meli zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, mzigo mwingine unashushwa bandari ya katikati na kusubiri meli nyingine, wastani unakuwa siku 60 na kuyumba kunafika siku 15:

```
=1.65*SQRT(60*5^2 + 20^2*15^2)
```

Kilo 499. Karibu mara tatu! Lakini angalia kitu kimoja ambacho watu wengi wanakiruka. Ukiweka siku 60 na uache kuyumba pale pale kwa siku 5, jibu ni kilo 177, yaani akiba haijasonga karibu hata kidogo. Safari kuwa ndefu haikuumizi sana kwa akiba, unaagiza mapema tu na pesa yako inakaa baharini siku 15 zaidi. Kinachokula akiba ni kutojua itafika lini. Kwa hivyo saplaya ambaye mzigo wake unachukua siku 70 lakini ni siku 70 kweli, mara nyingi ni afadhali kuliko yule wa siku 50 ambaye leo ni 35 kesho ni 80.

Na hiyo namba ya kuyumba usiichukue kwa barua pepe ya saplaya. Toa mafaili ya oda zako za nyuma, hesabu kutoka siku LPO ilitoka mpaka siku mzigo uliingia kwa stoo yako na ukapitishwa na maabara, si siku meli ilifika Mombasa. Utashangaa siku ngapi zinapotelea hapa nchi kavu, kwa karatasi, kwa ukaguzi, ama kontena imekaa tu Embakasi ikingoja mtu alipe ushuru.

Gharama? Kilo 325 za ziada ni shilingi 812,500. Kwa riba ya benki ya 15% ni kama shilingi 122,000 kwa mwaka. Kama kila chupa inakuachia shilingi 20, siku moja laini ikisimama umepoteza 200,000. Akiba ya mwaka mzima haifiki hasara ya siku moja, na ukimuonyesha mtu wa fedha hivyo, mazungumzo yanabadilika.

Lakini hiyo fomula ina mpaka wake na lazima useme ukweli kuhusu huo mpaka. Inajua kuyumba kwa kawaida. Haijui kiwanda cha saplaya kuungua. Kilo 499 ni siku 25 tu. Kama kupata manukato mbadala, sampuli, majaribio ya maabara, kuangalia kama sabuni inabadilika rangi ama kuwa nyepesi, na usafiri, kunachukua siku 40, una pengo la siku 15, yaani kilo 300. Hapo huhitaji kuweka madramu zaidi, kilo 300 zinaweza kuja kwa ndege hadi JKIA, bei itauma na manukato mengine yanahesabiwa kama mzigo wa kushika moto kwa hivyo lazima wakala wako awe ameshapanga makaratasi. Na mbadala awe ameshajaribiwa wakati wa amani. Chupa huwezi kuzileta kwa ndege, manukato unaweza, na hiyo nayo ni sehemu ya akiba.

Turudi kwa chupa, juu jasti-in-taimu ya chupa ina siri yake. Saplaya yuko karibu, sawa, lakini plastiki yake inatoka ng'ambo. Ukimbana akuletee kila asubuhi bila kuuliza yeye anashikilia nini, umesukuma tu hatari kwake. Dawa ni kukubaliana naye aweke prifomu, zile chupa ndogo nene ambazo hazijapulizwa, za wiki nne hivi kwa jina lako, na wewe ulipie sehemu ya gharama ya kuzishikilia. Prifomu zinachukua nafasi ndogo sana kuliko chupa, na akiwa na stima anapuliza siku hiyo hiyo. Akiba inakaa pale ambapo kitu bado ni kidogo, halafu kuanzia hapo kila kitu kinatembea kwa wakati.

Kwako weka chupa za siku mbili, si zaidi. Hizo ni za siku ambazo barabara imefungwa, kama mafuriko ya Aprili 2024 ama maandamano ya Juni mwaka huo, shida za karibu ambazo hudumu siku chache.

Kinachoharibu huu mpango mara nyingi ni watu wa ndani. Mauzo wanapata oda kubwa, wanaona kilo 500 zimekaa, wanazitumia, na hakuna mtu anaagiza za kurudisha. Ama kinyume, madramu yanasukumwa nyuma, mzigo mpya unatumika kwanza, na ile akiba inazeekea hapo mpaka inaisha muda. Utajua kwa kuangalia tarehe za madramu: la zamani kuliko yote likiwa na umri wa mwaka na wewe unatumia kilo 20 kwa siku, mzunguko haupo. Akiba lazima ipite ndani ya matumizi ya kila siku, la zamani litoke kwanza, na kushuka chini ya kiwango cha akiba kuwe na sahihi ya mtu mmoja pamoja na oda ya kujaza siku hiyo hiyo.

Na urudie hesabu kila miezi mitatu na mafaili mapya. Safari ikishuka hadi siku 50 na kuyumba hadi siku 8, fomula inakupa kilo 270. Basi usitupe wala usiuze kwa hasara, oda inayofuata ipunguze kwa kilo 230, na ndani ya siku 12 hivi za kazi ya kawaida zile za ziada zitakuwa zimeingia kwa sabuni.