Ujumbe wa sauti wa dakika tatu, barua pepe ya mistari michache

Mimi ni katibu muhtasi. Jumatatu moja ya Juni bosi, akiwa barabarani, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu ili niwaandikie waliotuuzia vigae. Alianza na dereva aliyechelewesha mzigo, akaingia kwenye vigae vilivyovunjika, akarukia bei ya mwezi ujao, akarudi kwa dereva. Mwishoni ndipo akasema: "Waambie mtu wao aje ghalani keshokutwa saa tatu, na mzigo mwingine ufike kabla ya Ijumaa ijayo."

Mara ya kwanza nasikiliza bila kuandika. Natafuta jambo moja: huyu anayeandikiwa, akishasoma, afanye nini? Jibu mara nyingi liko mwishoni, maana mtu hufikiri huku anaongea. Kwenye barua nalipandisha juu kabisa.

Mara ya pili naandika siku, saa na idadi, na hapo ndipo makosa hujificha. "Keshokutwa" ya Jumatatu ni Jumatano, lakini barua ikisomwa Jumanne inakuwa Alhamisi, kwa hiyo naandika tarehe. "Saa tatu" ikiandikwa 3:00 bila neno "asubuhi", mtu anaweza kutokea alasiri. "Ijumaa ijayo" ilibidi nimuulize mwenyewe ni ya wiki hii au ya wiki inayofuata. Na "maboksi kama arobaini" sikuyaandika; nilimpigia mtunza ghala, akahesabu 36.

Nikaandika hivi:

Kichwa: Vigae vilivyovunjika: ukaguzi tarehe 11, fidia kabla ya tarehe 20

Ndugu Meneja,
Tunaomba mwakilishi wenu afike ghalani kwetu Jumatano, tarehe 11 Juni, saa 3:00 asubuhi, kukagua vigae vilivyovunjika, na mzigo wa fidia utufikie kabla ya Ijumaa, tarehe 20 Juni. Kati ya maboksi 400 tuliyopokea Jumamosi, 36 yamevunjika, picha tumeambatisha. Tafadhali tujulisheni leo jina la atakayekuja.

Imetosha kwa sababu meneja anaijua oda yake. Urefu naupima kwa yale asiyoyajua msomaji. Ningekuwa naiandikia kampuni ya bima, ambayo haijui lolote, ningehitaji aya tatu: mzigo uliagizwa lini, ulisafirishwaje, nani aliupokea. Suala la bei nililiandikia barua yake, maana ukiweka maombi mawili tofauti pamoja, mara nyingi hujibiwa lile jepesi. La dereva bosi alikubali tuliache mpaka siku ya ukaguzi.

Kabla ya kutuma nasikiliza mara ya tatu, barua ikiwa mbele yangu. Safari hii nilisikia maneno yaliyonipita mara mbili, kayasema kwa sauti ya chini katikati ya habari za dereva: vilivyovunjika wasivichukue mpaka tukubaliane fidia. Nikaongeza sentensi baada ya picha: "Vigae hivyo vitabaki ghalani kwetu hadi tukubaliane kwa maandishi kuhusu fidia."