Kiuno kimekaza baada ya bamvua, na nguvu za mazoezi sina

Assalaam alaykum. Nalima mwani Jambiani, umri wangu miaka 46. Siku za bamvua nashinda nimeinama, nikirudi kiuno na mabega yamekaza hata usingizi hauji. Mwanangu ananambia nikimbie pwani jioni, lakini nguvu hizo sina. Nikiinama kugusa vidole vya miguu napata nafuu kidogo, kisha asubuhi nazidi. Nifanye nini hapa nyumbani?

Waalaykumu salaam, bibie. Anza kwa kuacha huko kugusa vidole vya miguu.

Wakati wa bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na mkulima wa mwani hutumia saa mbili tatu akifunga kamba kwenye vigingi, kiuno kimekunjwa. Kano zinazoshikilia pingili za mgongo kwa nyuma zinavutwa muda wote huo, zinalegea, na huchukua saa kadhaa kurudi hali yake. Misuli ya kiuno inaona ulinzi umepungua, basi inajikaza yenyewe kuushika mgongo. Unachokihisi kuwa ni ufupi, kumbe ni ulinzi. Ukiinama tena jioni unavuta kile kile kilichovutwa tangu asubuhi: unapata nafuu ya dakika chache, kisha misuli inakaza zaidi.

Kwa hiyo jioni mwili wako unataka kwanza kupumzishwa, halafu upelekwe taratibu upande wa pili, yaani kwa nyuma. Kukimbia kusubiri.

Tandika mkeka baada ya Isha, utandike na kanga mbili ili sakafu isikuumize. Lala chali, miguu yako kuanzia magotini iweke juu ya kiti au kitanda, magoti na nyonga vikunjwe pembe mraba. Weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi puani ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita. Kutoa ndiko kuwe kurefu, maana pumzi inapotoka taratibu mapigo ya moyo hushuka kidogo na mwili hupata habari kwamba kazi imekwisha. Mwenye tasbihi ya punje 33 asihangaike na saa: punje moja pumzi moja, ukimaliza zimepita kama dakika tano na nusu. Wengi hufikiri hapa bado hawajaanza. Kwa mtu aliyechoka kama wewe hii ndiyo nusu ya kazi, na siku ambayo huna nguvu kabisa ishia hapa.

Kisha shusha miguu, nyayo zikae chini, magoti yamekunjwa. Yapeleke magoti kulia kidogo, yarudishe, yapeleke kushoto, mara kumi kila upande. Mwendo uwe mdogo, wa kubembea. Halafu geuka kwa ubavu na ulale kifudifudi, paji la uso juu ya viganja, ukae dakika mbili bila kufanya lolote. Ikiwa hapaumi, jiinue juu ya viwiko, kiuno kikiwa kimelegea na nyonga zimebaki mkekani. Kaa sekunde kumi, shuka. Mara tano zinatosha.

Mabega tuyamalize tukiwa tumekaa, mgongo ukutani. Vuta pumzi ukiyapandisha mpaka karibu na masikio, yabane sekunde tano, kisha yaachie yaanguke pamoja na pumzi. Rudia mara tano. Msuli uliobanwa kwa makusudi ukiachiwa hulegea kuliko ulioamrishwa tu ulegee. Kuinuka mkekani pitia ubavuni, kaa kidogo, ndipo usimame. Aliyechoka na hajala vizuri akisimama ghafla hupatwa na kizunguzungu.

Nikinyoosha nasikia maumivu. Si ndiyo dawa inaingia hiyo?

Hapana. Ndani ya msuli mna vihisio vinavyopima kasi ya kuvutwa. Msuli ukivutwa kwa haraka au kwa kudundadunda, vihisio hivyo vinaupa amri ujikunje, ukawa unavuta na wenyewe unavuta. Ukienda polepole na kutulia sekunde 20 au 30, amri ile hupungua. Jitazame: ukiuma meno, ukibana pumzi, au uso ukijikunja, umepita mpaka. Rudi nyuma kidogo hadi pumzi itoke bila shida, na hapo ndipo pa kukaa.

Kipimo kingine ni asubuhi ya pili. Ukiamka na maumivu makali kuliko ulivyolala nayo, jioni inayofuata punguza nusu, badala ya mara tano za viwiko fanya mbili. Usiache kabisa.

Na ukiwa juu ya viwiko, angalia maumivu yanaelekea wapi. Tuseme yalikuwa kalioni na pajani, sasa yamepanda yakabaki katikati ya kiuno tu. Hiyo ni dalili njema hata kama hapo katikati panauma kidogo zaidi, endelea. Lakini yakianza kushuka kutoka kiunoni kwenda paja na mguu, shuka chini, lala kifudifudi bila viwiko. Yasipokoma rudi chali na miguu juu ya kiti, na zoezi la viwiko uliache mpaka uonane na mtaalamu wa viungo.

Bora nifanye asubuhi kabla ya kushuka pwani?

Fanya jioni. Usiku diski za kati ya pingili hunyonya maji na kuvimba kidogo, ndiyo maana mgongo wa alfajiri ni mgumu na kuinama sana saa ile ya kwanza huubana. Asubuhi tembeatembea uani, zungusha mabega, basi. Huko baharini kila ukimaliza kamba moja simama wima, mikono kiunoni, jipinde nyuma kidogo mara tatu. Najua maji hayasubiri, lakini hilo halichukui hata dakika. Siku za maji mafu, kazi ikiwa ndogo, endelea na mkeka na uongeze matembezi mafupi.

Nikivuta pumzi hivyo kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinawasha.

Unavuta nyingi mno. Pumzi iwe ndogo na tulivu, ya kawaida, ila ichelewe kutoka. Ukihisi hivyo acha kuhesabu, pumua unavyopumua siku zote, itaondoka baada ya dakika chache. Na mjamzito ambaye mimba imekua asilale chali wala kifudifudi kwa mazoezi haya. Alale ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, afanye pumzi tu.

Na uchovu wenyewe? Hata nikilala usiku kucha naamka nimechoka.

Huo usiuachie mkeka. Mwanamke anayechoka hivyo, akapumua kwa shida akipanda ngazi au moyo kumwenda mbio, kwanza apimwe wingi wa damu, na hapo hapo sukari na presha. Upungufu wa damu haunyooshwi.

Kuna mambo ya kwenda hospitali siku ile ile bila kungoja jioni: ganzi sehemu za siri au baina ya mapaja, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, mguu kukosa nguvu, maumivu ya kiuno pamoja na homa, au yaliyoanza baada ya kuanguka. Maumivu yanayokuamsha usiku kila siku huku unakonda bila sababu nayo yaonwe na daktari mapema.